Maji Yataelekea Wapi? Kipande cha Kiazi Ndani ya Maji ya Chumvi

Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa mbele, hamjambo.

Nimeshika vipande viwili vya kiazi mviringo. Vyote viwili vimetoka kwenye kiazi kimoja, vimekatwa kwa kisu kimoja, na vilipokatwa vilikuwa na urefu uleule wa sentimita 5. Hiki cha mkono wa kulia nakishika ncha moja, nacho kimesimama kama kijiti. Nikikipinda, kinavunjika; naamini hata waliokaa nyuma wamesikia mlio wake. Hiki cha kushoto nakishika vilevile, lakini tazameni kinavyoning'inia kama utepe. Nakipinda mpaka kinakaribia nusu duara, na bado hakijakatika. Tofauti yao ni moja: cha kulia kililazwa kwenye maji matupu, na cha kushoto kwenye maji yenye chumvi nyingi.

Swali langu leo ni hili. Nikikupa kipande cha kiazi na bika ya maji ya chumvi, je, kabla hujakitumbukiza unaweza kuniambia kama kitatoka kizito zaidi au chepesi zaidi? Na je, unaweza kukisia ni kwa kiasi gani?

Jibu ninalolipata karibu kila ninapouliza ni kwamba chumvi huvuta maji, kwa hiyo kiazi kitapungua. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi, na linawapoteza wengi. Hapa mezani nina bika ya tatu. Ndani yake mna karibu gramu 6 za chumvi kwa kila lita ya maji. Hiyo ni chumvi ya kuonekana, si chembe mbili tatu zilizoanguka kwa bahati mbaya. Hata hivyo kipande kilicholazwa humo kimeongezeka uzito. Kama chumvi ingekuwa inavuta maji basi, bila sharti lolote, kipande hiki kingepungua kidogo, na kile cha kwenye chumvi nyingi kingepungua sana. Haikuwa hivyo. Mmoja ameongezewa, mwingine amenyang'anywa, na wote wawili wamelala kwenye chumvi.

Kosa liko kwenye kipimo. Tunalinganisha maji ya chumvi na maji matupu, ilhali kiazi hakijui habari za maji matupu. Ndani ya kila seli ya kiazi tayari mna umajimaji wenye vitu vilivyoyeyuka: sukari, asidi, potasiamu na chumvi nyingine za madini. Huo ndio upande wa pili wa mizani. Swali sahihi ni kama maji ya nje yana vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko maji ya ndani ya kiazi, au yana vichache.

Naomba tuiangalie seli yenyewe kidogo. Nje kabisa kuna ukuta wa seli. Ukuta huo ni mgumu kiasi, lakini una matundu, na maji na chumvi hupita humo bila kizuizi. Ndani yake kuna utando mwembamba uliobana dhidi ya ukuta kama mpira wa ndani unavyobana dhidi ya tairi. Utando huu ndio wenye kuchagua. Maji hupita kwa urahisi, na mengi hupita kwenye njia ndogo za protini zinazoitwa akwaporini. Peter Agre alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003 kwa ugunduzi wake wa njia hizo. Chumvi na sukari, kwa muda wa saa moja au mbili, huzuiwa karibu zote.

Maji hayaendi upande mmoja tu. Kila wakati kuna molekuli zinazoingia na nyingine zinazotoka. Palipo na vitu vingi vilivyoyeyuka, maji yaliyo huru kutoroka ni machache, kwa hiyo upande huo hupokea zaidi ya unavyotoa. Mizani yetu haioni pilikapilika hizo. Inaona salio peke yake. Kipande kisipobadilika uzito, maana yake si kwamba maji yametulia. Maana yake yanayoingia ni sawa na yanayotoka. Hiyo ndiyo osmosisi, na ukiishika hivyo, utabiri unakuwa kazi ya kutafuta mahali ambapo salio ni sifuri.

Sasa niwape hesabu za jaribio nililolifanya jana kwa ajili ya leo, kwa sababu mambo haya hayaeleweki mpaka mtu aone namba zikigeuka.

Nilikata vipande vyenye urefu wa sentimita 5, upana na unene wa milimita 8. Ganda nililiondoa lote, kwa kuwa ganda la kiazi limeumbwa kuzuia maji yasipite, na kipande chenye ganda upande mmoja hakiwezi kulinganishwa na kisicho nalo. Kila kipande kilikuwa na karibu gramu 3.4. Kisha nikatengeneza maji ya chumvi. Moli ni kipimo cha idadi ya chembe, si cha uzito, na moli moja ya chumvi ya kawaida, yaani sodiamu kloraidi, ni gramu 58.5. Nilipima kiasi hicho, nikakiyeyusha kwenye maji pungufu ya lita, halafu nikajaza mpaka alama ya lita moja. Angalieni mpangilio huo: ukichukua lita nzima ya maji kisha ukaongeza chumvi, unapata zaidi ya lita, na ukali unakuwa si ule ulioandika. Kutoka kwenye chupa hiyo ya moli 1 kwa lita, nilipotaka moli 0.2 nilichukua mililita 20 nikaongeza maji mpaka mililita 100. Nyingine nilizifanya vivyo hivyo.

Kila bika niliweka vipande vitatu kwa dakika 90, na namba nitakazowasomea ni wastani wa vitatu hivyo.

Kwenye maji matupu, kipande kilianza na gramu 3.40 kikamaliza na gramu 3.77. Ongezeko ni gramu 0.37. Gawanya kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100, unapata asilimia 10.9. Tunatumia asilimia kwa sababu hakuna mkono unaoweza kukata vipande kumi na vinane vyenye uzito mmoja. Kipande kikubwa kina seli nyingi na hunywa gramu nyingi za maji hata kama hali ya seli zake ni ileile, na asilimia huondoa tofauti hiyo.

Kwenye moli 0.1 kwa lita, ile bika yenye karibu gramu 6 za chumvi niliyowaonyesha, kipande kilitoka gramu 3.45 kikafika 3.59: ongezeko la asilimia 4.1. Kwenye moli 0.2 kikatoka 3.38 kikashuka mpaka 3.28, yaani pungufu ya asilimia 3.0. Kwenye moli 0.3 pungufu ilikuwa asilimia 9.1, kwenye 0.4 asilimia 12.5, na kwenye 0.6 asilimia 14.8.

Ukichora namba hizi kwenye grafu, ukali wa chumvi ukiwa chini na asilimia ya badiliko ukiwa wima, mstari unaanza juu ya sifuri, unateremka, unakata sifuri mahali fulani kati ya 0.1 na 0.2, halafu unaendelea chini. Mahali unapokata ndipo tunapopatafuta. Kutoka kuongezeka asilimia 4.1 mpaka kupungua 3.0 ni mteremko wa 7.1. Ili kufika sifuri tunahitaji kuteremka 4.1 kati ya hizo 7.1, ambazo ni karibu sehemu 0.58 ya njia. Kwa hiyo sifuri iko kwenye moli 0.158, tuseme 0.16 kwa lita. Kwa gramu ni kidogo zaidi ya 9 katika lita.

Hapo sasa tuna kitu cha kutabiria. Kwa kiazi hiki, maji ya chumvi yaliyo chini ya gramu 9 kwa lita yatakiongezea uzito, na yaliyo juu ya hapo yatakipunguzia. Anayesema chumvi hupunguza kiazi amesahau kuuliza chumvi kiasi gani.

Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu linalofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Tuseme nina bika mbili. Ya kwanza ina gramu 12 za chumvi kwa lita, ya pili ina gramu 12 za sukari ya kawaida kwa lita. Uzito sawa, maji sawa, kiazi kimoja. Nini kitatokea?

Tuanze na chumvi. Gramu 12 kugawanya kwa 58.5 ni moli 0.205. Hiyo imevuka sifuri yetu kidogo, kwa hiyo kiazi kitapungua, na kwa kusoma grafu yetu, kwa asilimia 3 hivi. Sasa sukari. Molekuli ya sukari ni kubwa. Moli moja ina gramu 342. Gramu 12 zinatupa moli 0.035 tu. Tena kuna jambo la pili. Chumvi inapoyeyuka hugawanyika: kila jozi inatoa ayoni moja ya sodiamu na moja ya kloridi, na zote mbili huhesabiwa. Sukari inapoyeyuka hubaki nzima. Kwa hiyo moli moja ya chumvi inafanya kazi ya karibu moli mbili za sukari. Kwa usahihi zaidi, kwenye ukali tunaoutumia hapa, ni pungufu kidogo ya mbili, kwa sababu ayoni zinavutana na haziko huru kabisa. Basi moli 0.035 za sukari ni kama moli 0.019 za chumvi, na kwenye grafu yetu hapo ni karibu kabisa na maji matupu. Kiazi kitaongezeka kati ya asilimia 9 na 10.

Gramu 12 za kitu kimoja zinapunguza kiazi, gramu 12 za kingine zinakiongeza karibu kama maji matupu. Kiazi hakipimi uzito wa vilivyoyeyuka. Kinahesabu idadi yake. Ndiyo maana gramu 9 za chumvi katika lita zinasimama sawa na karibu gramu 100 za sukari. Mwanafunzi akiandika tu "mmumunyo wa asilimia 5" bila kusema wa kitu gani, hajanipa chochote cha kutabiria.

Hesabu hii ya idadi ilionekana mapema kwenye seli za mimea, na inanifurahisha kila ninapoikumbuka. Mholanzi Hugo de Vries, kufikia mwaka 1884, alikuwa akitazama kwa hadubini seli za ngozi ya jani zikinywea ndani ya mimumunyo mbalimbali, akitafuta ukali ambao utando unaanza tu kubanduka kwenye ukuta. Aliona kwamba chumvi kama potasiamu naitreti ilihitajika kidogo kuliko sukari, ukihesabu molekuli kwa molekuli, kana kwamba molekuli moja ya chumvi ilikuwa na nguvu ya zaidi ya moja. Mwaka 1887 Svante Arrhenius alieleza kwamba chumvi ndani ya maji hugawanyika kuwa ayoni, na matokeo ya namna hiyo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyompa msingi. Seli za jani zilikuwa zimehesabu ayoni kabla wanakemia hawajakubaliana kwamba zipo.

Turudi kwenye meza yetu. Niwaeleze namna utabiri mzuri unavyoharibiwa na mkono, maana liliwahi kunipata mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya jaribio hili na darasa, na matokeo yetu yakaonyesha kwamba kiazi kinakata sifuri chini ya moli 0.09. Nilitafuta kosa kwenye chumvi, nikapima upya, nikatengeneza maji upya, namba zikarudi zilezile. Kosa lilikuwa kwenye shashi. Mwisho wa jaribio tulikuwa tunakausha kila kipande kwa makini kabla ya kukiweka kwenye mizani. Mwanzoni hatukukausha: tulikata, tukasuuza wanga wa juu, tukapima vipande vikiwa bado vimelowa.

Fanyeni hesabu muone uzito wa kosa hilo. Kipande chetu kina eneo la nje la karibu sentimita za mraba 17. Utandu wa maji wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao jicho linauona kama mng'ao tu, una gramu 0.17. Hiyo ni asilimia 5 ya uzito wa kipande. Kwa hiyo kila kipande kilionekana kimepoteza asilimia 5 ambazo hakikuwa nazo. Chukueni namba nilizowasomea, punguzeni 5 kila moja: maji matupu yanabaki na ongezeko la 5.9, moli 0.1 inakuwa pungufu ya 0.9, na mstari unakata sifuri kwenye 0.087. Chumvi haikuguswa, kiazi hakikuguswa, lakini jibu limeshuka karibu nusu. Na kwenye moli 0.1, utabiri umegeuka: kiazi kinachoongezeka kimeandikwa kinapungua.

Kosa la namna hii ni gumu kuliona, kwa sababu halitawanyi namba. Grafu inabaki nzuri, nukta zimepangana, ila mstari mzima umeteremka. Kosa la mkono unaotikisika hutawanya nukta, na mtu hulishuku mara moja. Mstari mzuri uliohama haumshtui mtu.

Tangu hapo nina desturi moja. Kabla ya jaribio nachukua kipande kimoja, nakikausha, nakipima, nakichovya majini kwa sekunde mbili, nakikausha tena, nakipima tena. Ndani ya sekunde mbili osmosisi haijafanya lolote la kuonekana kwenye mizani. Kwa hiyo uzito unapaswa kurudi palepale. Ukitofautiana kwa zaidi ya gramu 0.02, ukaushaji wangu bado haujatulia, na ninarudia mpaka utulie. Nakilaza kipande kwenye shashi, nakigeuza mara moja kwa kila upande, bila kukikamua. Kukamua ni kosa la upande wa pili: kipande kilicholegea hutoa maji ya ndani ukikibana, na hivyo vile vya kwenye chumvi nyingi vinazidi kuonekana vimepungua.

Sasa tazameni tena mkia wa namba zetu. Kutoka moli 0.2 hadi 0.3 tulishuka asilimia 6. Kutoka 0.4 hadi 0.6, ambayo ni hatua kubwa mara mbili, tulishuka asilimia 2.3 tu. Mstari umelala. Wengi hudhani kiazi kimeishiwa maji. Hapana, karibu sehemu nne kwa tano za uzito wa kiazi ni maji, na hapa kimepoteza asilimia 15 tu.

Linalotokea ni hili. Seli ikiwa imejaa, utando unasukuma ukuta, na kipande kinakuwa kigumu. Maji yakitoka, msukumo unaisha, ukuta unalegea. Hapo ndipo kipande kinapoanza kuning'inia. Maji yakizidi kutoka, ukuta hauwezi kunywea kufuatana na utando, basi utando unabanduka na kurudi ndani. Nafasi inayobaki katikati haikai tupu. Ukuta una matundu, kwa hiyo maji ya chumvi ya nje yanaingia na kuijaza. Seli yenyewe imepoteza maji, lakini mizani inapima kipande kizima, pamoja na maji ya chumvi yaliyochukua nafasi. Upungufu wa kweli wa seli ni mkubwa kuliko mizani inavyosema. Ndiyo maana sichori mstari ulionyooka kupitia nukta zote sita. Ninaposaka sifuri, natumia nukta zilizo karibu na sifuri, pande zote mbili, na za mbali naziacha zieleze habari zao wenyewe.

Kwenye ncha ya juu, upande wa maji matupu, kikomo ni ukuta. Seli ya mnyama ikiwekwa humo hupasuka. Ya kiazi haipasuki. Inajaa, ukuta unasukuma nyuma, na ukifika mahali ambapo msukumo wa ukuta unalingana na hamu ya maji kuingia, ongezeko linasimama, ingawa ndani bado mna vitu vingi kuliko nje.

Yote haya yanategemea utando ulio hai. Mwaweza kulithibitisha jambo hilo kwa urahisi: chemsheni kipande kwa muda mfupi, kipoe, kisha kikausheni, kipimeni na kukilaza kwenye moli 0.2. Kipande kibichi kinapungua kama tulivyoona. Kilichochemshwa hakifuati grafu yetu, kwa sababu joto limeharibu utando na chumvi sasa inaingia na kutoka inavyotaka. Hapo hakuna tena upande wa ndani na upande wa nje. Kwa sababu hiyohiyo sipendi kuviacha vipande kwenye chumvi kali usiku kucha. Asubuhi sehemu ya seli zimekufa, vitu vyake vimevuja, na maji ndani ya bika yameanza kuwa na rangi na ukungu. Ukiona hivyo, uzito utakaopima si jibu la swali la osmosisi.

Kuna mwanafunzi hapa mbele amenyoosha mkono muda mrefu. Karibu, mwanangu.

Ameuliza: "Mwalimu, kama kila kiazi kina umajimaji wake, hiyo 0.16 ni ya viazi vyote?"

Nashukuru kwa swali hilo. Hapana, ni ya kiazi hiki, kwa hali kilichokuwa nayo jana. Kiazi kimejaa wanga, lakini wanga haumo kwenye hesabu. Umefungwa kwenye chembe zisizoyeyuka, na kisichoyeyuka hakihesabiki katika osmosisi. Kiazi kikihifadhiwa kwenye baridi kali, au kikianza kuchipua, sehemu ya wanga hubadilishwa kuwa sukari, na sukari inayeyuka. Umajimaji wa ndani unakuwa mkali zaidi, na sifuri inahamia kwenye chumvi kali zaidi. Vilevile kiazi kilichokaa mpaka kikanywea kimepoteza maji. Vitu vya ndani vimebaki vilevile katika maji machache, na ukuta hausukumi tena kama mwanzo. Mambo hayo mawili yote yanakifanya kiwe na kiu zaidi.

Nilitarajia mtu atauliza, na nilikuja na kiazi cha namna hiyo. Hiki hapa. Kimekaa wiki nyingi, ganda limejikunja, na kina machipukizi matatu. Nilikata vipande vitatu kutoka kwacho kabla hamjaingia, nikavikausha, nikavipima, nikavilaza kwenye moli 0.2 ileile iliyompunguzia ndugu yake asilimia 3. Dakika 90 zimetimia sasa hivi. Wastani wa mwanzo umeandikwa ubaoni: gramu 3.31. Njoo wewe mwenyewe uliyeuliza, chukua shashi, vilaze, vigeuze mara moja kila upande, usivikamue. Weka kwenye mizani kimoja kimoja, usome kwa sauti.

Amesoma 3.42, 3.37 na 3.41. Wastani ni 3.40. Vimeongezeka kwa asilimia 2.7, ndani ya chumvi ileile.